Tangazo la Saa Mpya za Kazi: Lipi Limeamuliwa, Lipi Bado Linazungumzwa

"Wafanyakazi wote mnajulishwa kuwa uongozi unafikiria kubadilisha muda wa kazi kuanzia wiki ijayo. Mnatakiwa kufika mapema. Mwenye maoni anakaribishwa."

Matangazo ya namna hii hubandikwa ubaoni au kurushwa kwenye kundi la WhatsApp Ijumaa jioni, na ikifika Jumatatu kazini kuna vurugu. Wapo waliofika saa 1 asubuhi, wapo waliofika saa 2 kama siku zote, na wapo waliopiga simu kuuliza kama habari ni ya kweli. Mwandishi wake hakuwa na nia mbaya. Aliogopa kuonekana mkali, akaandika "unafikiria". Aliogopa pia kudharauliwa, akaandika "mnatakiwa". Matokeo yake tangazo lina kauli mbili: anayetaka kulipinga anashika neno la kwanza, na msimamizi anayetaka kumwadhibu aliyechelewa anashika la pili. "Mapema" ni saa ngapi? Maoni apelekewe nani, na mwisho lini? Hakuna ajuaye.

Kubadilisha saa za kazi ni jambo dogo kwa anayelipanga kwenye karatasi. Kwa anayelipokea, ni kubadilisha saa ya kuamka, nani atampeleka mtoto shule, basi lipi atapanda na atakula saa ngapi. Ndiyo maana watu huuliza maswali mengi kuliko bosi alivyotarajia, na ndiyo maana tangazo linapaswa kubeba vitu viwili kwa pamoja: uamuzi usioyumba, na nafasi ya kweli ya kusikilizwa. Wengi hudhani vitu hivi havikai pamoja, kwamba ukikaza unawafungia watu, na ukilegeza unapoteza mamlaka. Vinakaa pamoja vizuri kabisa, ila kila kimoja kiwekwe mahali pake na kitajwe kwa jina.

Sheria yenyewe inaanzia hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na saa za kazi ni mojawapo ya mambo yanayotajwa humo. Kifungu cha 15 kinaongeza kuwa jambo lolote kati ya hayo likibadilika, mwajiri atayarekebisha maelezo hayo kwa kushauriana na mfanyakazi, kisha amjulishe mabadiliko kwa maandishi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 nayo ina sharti la namna hiyo katika kifungu cha 10. Kwa hiyo mashauriano yanakuja kabla ya tangazo. Bosi anayebandika karatasi kwanza na kukaribisha maoni baadaye amegeuza utaratibu juu chini, na hata kama ameandika kwa upole, wafanyakazi watajua kuwa wanaulizwa jambo lililokwisha.

Serikali nazo zimepita njia hii. Tarehe 11 Novemba 2022, Baraza la Mawaziri la Rwanda lilitangaza kuwa kuanzia Januari 2023 kazi zitaanza saa 3 asubuhi na kumalizika saa 11 jioni, na shule zitaanza saa 2:30 asubuhi. Sababu zilitajwa waziwazi: elimu bora, tija kazini na ustawi wa familia. Tarehe ilikuwepo, saa zilikuwepo, na palikuwa na wiki kadhaa za kujipanga. Kizuri zaidi, saa moja kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi iliachwa nyumbufu, mtu aweze kufanya kazi bila kulazimika kuwa ofisini. Uamuzi haukuwa na shaka, lakini ndani yake palikuwa na nafasi ya mzazi anayempeleka mtoto.

Korea Kusini iliona upande wa pili. Tarehe 6 Machi 2023 serikali ilitangaza mpango wa kuruhusu wiki ya kazi ifike saa 69 badala ya kikomo cha saa 52. Ulitolewa kama mpango uliokamilika. Wafanyakazi, hasa vijana, wakaupinga vikali, na tarehe 14 mwezi huohuo Rais Yoon Suk Yeol akaagiza utazamwe upya. Zilipita siku nane tu. Kilichotangazwa kwa sauti kubwa kikarudishwa mezani, na kuanzia hapo kila aliyesikia tangazo jingine la saa za kazi alikuwa na sababu ya kusubiri aone kama litadumu.

Ni afadhali kuchelewesha tangazo kwa wiki mbili kuliko kulirudisha baada ya siku nane.

Ili kuona jinsi inavyofanyika hatua kwa hatua, tuchukue mfano wa ghala la vifaa vya ujenzi lililopo Buguruni, Dar es Salaam, lenye wafanyakazi 24: wapakiaji, makarani wa stoo, mtunza fedha na wenzake wawili, madereva na wasimamizi. Kwa sasa kazi inaanza saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na mapumziko ya chakula ni saa 7 hadi saa 8 mchana. Jumamosi ni saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana. Hizo ni saa 8 kwa siku tano, jumla 40, ukiongeza 5 za Jumamosi unapata 45, ambacho ndicho kikomo cha saa za kawaida kwa wiki nchini Tanzania. Tatizo la mwenye ghala ni kwamba mafundi hununua saruji na nondo kabla ya kwenda saiti. Saa 1 asubuhi foleni imeshajipanga nje ya geti, na kufikia saa 2 wengine wameshakwenda kwa jirani. Anataka kuanza saa 1 asubuhi na kufunga saa 10 jioni.

Jambo la kwanza analopaswa kufanya ni kupiga hesabu, kabla hajamwambia mtu yeyote. Jumla ya saa haibadiliki, bado ni 45, na hiyo ni habari njema ambayo lazima ionekane kwenye tangazo, kwa sababu swali la kwanza la kila mfanyakazi ni kama ataongezewa kazi kwa mshahara uleule. Lakini kuna kitu kimejificha. Sheria inataka aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko ya dakika 60. Kwa ratiba ya zamani, saa 2 hadi saa 7 mchana ni saa tano kamili. Ukisogeza mwanzo wa kazi kuwa saa 1 na kuacha chakula palepale saa 7, watu watafanya kazi saa sita bila kupumzika. Chakula nacho lazima kisogee, kiwe saa 6 hadi saa 7 mchana, na mama lishe anayeleta wali na maharage getini aambiwe mapema. Meneja mwingi husahau hapa. Anasogeza mlango wa kuingilia na wa kutokea, anasahau vilivyo katikati.

Kuna na mtunza fedha. Ghala likifunguliwa saa 1, yeye anahitaji dakika 20 za kuhesabu chenji na kuwasha mashine ya risiti kabla mteja wa kwanza hajafika dirishani. Akiandikiwa "ufike saa 12:40", hizo dakika 20 ni kazi. Kwa siku sita zinakuwa saa mbili kwa wiki juu ya 45, na saa za ziada zinahitaji makubaliano na hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Mwajiri ana njia mbili: kulipa, au kumruhusu mtunza fedha atoke dakika 20 kabla ya wenzake. Chochote atakachochagua, kiandikwe.

Hesabu ikishakaa sawa, ndipo mazungumzo yanaanza. Wasimamizi wa zamu waambiwe kwanza, kwa sababu wao ndio watakaoulizwa kwenye kordo, na msimamizi anayejibu "hata mimi nimesikia kama wewe" ameshalibomoa tangazo kabla halijasomwa. Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi, tuseme TUICO, viongozi wa tawi wakutane na mwajiri mapema, si siku ya kubandika. Pasipo na chama, wafanyakazi wachague wawakilishi wao. Kisha wote 24 waitwe kikaoni, saa ya kazi, si baada ya kutoka.

Kwenye kikao hiki mwenye ghala anasema wazi kuwa ni pendekezo. Anaeleza habari ya mafundi na foleni, anaweka ratiba mezani, halafu anauliza jambo mahususi. "Mna maoni gani?" ni swali linalojibiwa kwa kimya au na mtu mmoja mwenye sauti kubwa. Ni bora aulize: nani hapati usafiri wa kumfikisha hapa saa 1 kasoro dakika tano? Nani ana mtoto wa kumpeleka shule? Nani ana darasa jioni? Chakula kikiwa saa 6, kinamgusa nani?

Hapo majibu yanakuja. Karani wa stoo anainua mkono.

"Bosi, mimi mtoto wangu yuko awali. Mwalimu anafungua geti saa 1 kamili. Nikimuacha pale na kukimbia, hapa nitafika saa 1 na dakika ishirini, na hiyo ni kama daladala haijachelewa."

"Baba yake hawezi kumpeleka, dada?"

"Baba yake ni dereva wa masafa, wiki hii yuko Tunduma."

Mpakiaji anayeishi Chanika anasema atalazimika kuwa kituoni kabla hakujapambazuka, na kwamba daladala za alfajiri zinajaa. Mzee mmoja wa madereva anauliza habari ya Ijumaa: chakula kikiwa saa 6 hadi saa 7, anayekwenda msikitini atawahi vipi sala ya Ijumaa na kurudi? Mpakiaji mwingine anaomba abaki na ratiba ya zamani, saa 2 hadi saa 11, kwa kuwa ameizoea.

Kwenye karatasi ya pendekezo hakukuwa na hata moja kati ya haya. Mwenye ghala anayaandika, anawaambia watu watapata jibu baada ya siku ngapi, na anakwenda kukaa na wasimamizi na wawakilishi.

Wakikaa, wanagundua kuwa mawili kati ya maombi hayo yana dawa moja. Kikiwepo kikundi cha pili kinachoanza saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 10:30 jioni, na kula saa 6:30 hadi saa 7:30 mchana, karani anampeleka mtoto na kuwahi. Siku ya Ijumaa, wanaokwenda msikitini wanaingia kwenye kikundi hicho kwa siku hiyo na kupata saa nzima ya sala na chakula. Saa tano asubuhi, saa tatu alasiri, jumla bado ni nane. Ghala nalo linafaidika, kwa kuwa kati ya saa 6 na saa 7:30 mchana dirisha la mauzo linabaki tupu kwa nusu saa tu, saa 6:30 hadi saa 7. Kikomo kipo: kupakia lori asubuhi kunataka watu 18 kuanzia saa 1, kwa hiyo kikundi cha pili hakiwezi kuzidi watu 6 kwa siku. Na kama Ijumaa wanaotaka kusali ni zaidi ya 6, wasimamizi watapaswa kupanga malori ya siku hiyo upya badala ya kuwaambia watu wapokezane kusali.

Ombi la kubaki saa 2 hadi saa 11 linakataliwa, kwa sababu ghala litakuwa limefungwa. Mwombaji anaambiwa hivyo ana kwa ana, na sababu yake, siku ileile.

Sasa tangazo linaweza kuandikwa, na likasikika limekata shauri kwa sababu kweli limekata shauri. Lingeweza kusomeka hivi:

*TANGAZO KWA WAFANYAKAZI WOTE: SAA MPYA ZA KAZI*

*Kuanzia Jumatatu tarehe 3 Agosti, kazi itaanza saa 1:00 asubuhi (07:00) na kumalizika saa 10:00 jioni (16:00), Jumatatu hadi Ijumaa. Mapumziko ya chakula yatakuwa saa 6:00 hadi saa 7:00 mchana. Jumamosi kazi itakuwa saa 1:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana. Jumla ya saa kwa wiki inabaki 45 na mshahara haubadiliki.*

*Tumeamua hivi kwa sababu wateja wetu wengi hufika kabla ya saa 2:00 asubuhi na kuondoka bila kuhudumiwa. Pendekezo lilijadiliwa nanyi kwenye kikao cha tarehe 15 Juni. Kutokana na hoja zenu, tumeongeza kikundi cha pili: saa 1:30 asubuhi hadi saa 10:30 jioni, chakula saa 6:30 hadi saa 7:30 mchana, kwa watu wasiozidi 6 kwa siku.*

*Siku ya kuanza na saa za kufungua na kufunga ghala hazitabadilika. Yanayoendelea kuzungumzwa ni haya: nani awe kikundi cha pili, mpangilio wa Ijumaa, na mtu yeyote ambaye usafiri, malezi, afya au masomo yatamzuia kufuata ratiba hii.*

*Mwenye jambo la aina hiyo aonane na msimamizi wa utumishi au ampelekee ujumbe kabla ya Ijumaa tarehe 10 Julai. Kila mmoja atajibiwa kwa maandishi ifikapo Ijumaa tarehe 17 Julai. Ratiba itafanyiwa tathmini Ijumaa tarehe 30 Oktoba pamoja na wawakilishi wenu.*

Tangazo hili ni refu kuliko lile la mwanzo, lakini linasomeka kwa dakika moja, na kila sentensi ina kazi. Uthabiti wake unatoka kwenye vitu vya kawaida kabisa: siku, tarehe, saa, na kitenzi kimoja, "tumeamua". Hakuna "tunatarajia", "ikiwezekana" wala "uongozi unafikiria". Hakuna pia maneno ya vitisho. Sentensi kama "atakayekaidi atachukuliwa hatua kali" haiongezi uthabiti hata chembe. Inamwonyesha msomaji kuwa mwandishi hana hakika kama atatiiwa, na inamnyamazisha karani mwenye mtoto, ambaye shida yake ina suluhisho rahisi akiisema mapema.

Saa zimeandikwa kwa namna mbili, ya Kiswahili na ya saa 24, na hilo si pambo. Ukiandika "7:00" peke yake, msomaji mmoja ataona asubuhi na mwingine ataona saa saba mchana. Kazini penye watu wanaosoma saa kwa Kiswahili na simu zinazoonyesha 07:00, kosa hilo humfanya mtu apoteze nusu siku.

Uwazi nao hautoki kwenye neno "mnakaribishwa". Unatoka kwenye aya ya tatu, inayotaja kwa jina kile ambacho hakitabadilika na kile ambacho bado kinaweza kubadilika. Waandishi wengi wa matangazo huikwepa aya hii, hasa nusu yake ya kwanza, kwa kudhani itawaudhi watu. Lakini mfanyakazi akiambiwa waziwazi kuwa siku ya kuanza haijadiliwi, hatapoteza wiki mbili akiipigania. Atakwenda moja kwa moja kwenye lile linalowezekana. Anayeudhika kweli ni yule aliyeombwa maoni kuhusu kila kitu, akatoa, kisha akagundua kuwa kila kitu kilikuwa kimeshafungwa.

Kuna neno moja la kuliangalia: majaribio. Bosi anayetaka kulainisha habari huandika kuwa ratiba mpya ni ya "majaribio ya miezi mitatu". Akiandika hivyo, mpakiaji wa Chanika hatatafuta chumba karibu, karani hatazungumza na shule, na kila mtu atasubiri miezi mitatu ipite mambo yarudi kama zamani. Kama ni majaribio kweli, iandikwe hivyo, pamoja na kipimo kitakachoamua: mauzo ya kabla ya saa 2, idadi ya waliochelewa, ajali za kupakia. Kama si majaribio, neno sahihi ni tathmini, yenye tarehe, ikimaanisha kuwa ratiba imeshaanza kazi na itakaguliwa ikiwa inaendelea.

Siku ya kutoa tangazo ina uzito wake. Katika mfano huu linatoka Jumatatu tarehe 29 Juni, wiki tano kabla ya kuanza, nalo linasomwa kikaoni kabla halijabandikwa na kabla halijafika WhatsApp. Linasomwa na mwenye mamlaka ya uamuzi, halitumwi kwa katibu. Aliye likizo au aliye mgonjwa apigiwe simu siku hiyohiyo. Habari ya saa za kazi ikimfikia mtu kwa njia ya mwenzake, hufika imeongezwa chumvi: saa 1 inakuwa saa 12, na mshahara unakuwa umekatwa.

Kipindi kigumu ni wiki ile ya kupokea hoja. Msimamizi wa utumishi atajaribiwa kujibu kila mtu "tumelipokea, tutalifanyia kazi". Jibu hilo limeshachoka masikioni mwa wafanyakazi. Anayeuliza anataka moja kati ya matatu: ndiyo na namna yake, hapana na sababu yake, au bado na tarehe yake. Mpakiaji wa Chanika, kwa mfano, nafasi ya kikundi cha pili haimtoshi, kwa sababu tatizo lake si nusu saa. Tatizo lake ni kutoka nyumbani gizani. Huenda jibu ni gari la ghala, linaloletwa na dereva anayeishi Gongo la Mboto, limchukue yeye na wenzake njiani. Huenda hilo haliwezekani kwa sababu ya bima ya gari, na akaambiwa hivyo. Hapana iliyoelezwa humwezesha mtu kupanga maisha yake. Kimya hakimwezeshi.

Yapo na mambo ambayo mwajiri hapaswi kuyapokea kama ombi, kwa kuwa ni haki. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa na sheria kutoka kwenda kumnyonyesha mtoto hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi, na ratiba mpya haiwezi kuzila. Mfanyakazi anapaswa kupata saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya kutoka kazini na kurudi kesho yake, kwa hiyo aliyebakizwa hadi saa 2 usiku kupokea mzigo hawezi kuamriwa awe getini saa 1 kesho asubuhi. Na kama siku moja mwenye ghala atataka kuanza kabla ya saa 12 asubuhi, muda huo unahesabiwa kuwa kazi ya usiku na una posho yake ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Mambo haya yakiingia kwenye tangazo au kwenye majibu, yaandikwe kama taratibu. Yakiandikwa kama fadhila ya bosi, siku moja bosi mwingine atakuja kuyaondoa.

Unawezaje kujua kama tangazo limeeleweka? Msimamizi asikilize maswali ya siku mbili za kwanza. Watu wakiuliza "mimi nitaingia kikundi gani?" au "Ijumaa inaanza lini?", wameupokea uamuzi na wanajipanga ndani yake. Wakiuliza "kwani ni kweli?" au "kwani hili limepitishwa na nani?", tangazo limeshindwa kazi na linahitaji kikao kingine mara moja, si karatasi nyingine. Na pasipokuwa na swali hata moja kutoka kwa watu 24, kuna jambo. Ama hawajasoma, ama wamekata tamaa ya kujibiwa. Msimamizi azunguke, akae nao wakati wa chai, amuulize mmoja mmoja atafika vipi.

Tarehe 17 Julai ikifika, majibu yatoke kama yalivyoahidiwa, hata kama moja mawili bado hayajakamilika. Pamoja na barua za mtu mmoja mmoja, libandikwe tangazo fupi linalosema kipi kimeongezwa au kubadilishwa kutokana na hoja, bila kutaja shida binafsi za mtu. Wengine wasiosema chochote watakuwa wanatazama kama waliosema walipata kitu. Kisha maelezo ya ajira ya kila mmoja yarekebishwe yaonyeshe saa mpya, yasainiwe pande zote mbili, na mfanyakazi abaki na nakala yake. Hatua hii ya mwisho hurukwa sana, kwa kuwa watu wameshazoea ratiba na inaonekana ni karatasi tu. Ikirukwa, mkataba unasema saa 2, tangazo linasema saa 1, na siku mtu anapopewa onyo la kuchelewa kila upande unashika karatasi yake.

Wafanyakazi nao wasisubiri siku hiyo. Anayeona saa zake zimebadilishwa bila kushauriwa aanze kwa kumwandikia mwajiri, ataje tarehe na saa za kwenye mkataba wake, na atunze nakala. Kama hakuna mwafaka, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, hupokea migogoro ya aina hiyo, na lalamiko lisilohusu kuachishwa kazi linapaswa kufikishwa huko ndani ya siku 60.